Mzee na milioni 420 zake: namna ya kumwandikia barua ya kushusha bei

*Mimi ni dalali hapa Dar es Salaam. Nina nyumba ya mzee mmoja mstaafu iko Salasala: vyumba vinne, kiwanja mita za mraba 900, kisima kipo, hati ipo. Nyumba iko tupu, ana mlinzi tu. Anataka milioni 420. Huu ni mwezi wa sita tangu anikabidhi, watu 17 wameshaiona, na ofa nimepata mbili tu, 280 na 300, zote kazitupa. Nikimwambia ashushe, anasema mimi ninachotaka ni kamisheni ya haraka. Nimekutumia daftari langu la waliokuja na habari za nyumba tatu za jirani zilizouzika. Nimwandikieje barua akubali, bila kumvunjia heshima?*

Kabla hujaanza kuandika, hakikisha kwanza hao 17 waliambiwa bei gani. Nauliza kwa sababu nyumba iliyo mikononi mwa madalali wengi haiuzwi kwa bei moja. Wewe unasema 420, mwenzako kaweka cha juu anasema 450, na wa tatu kaitupia Instagram kwa 400 ili simu ilie. Picha ni zilezile, geti ni lilelile. Mteja akikutana na bei tatu za nyumba moja, anahisi ina mgogoro. Tena kama nusu ya wateja wako walitajiwa 450, malalamiko yao ni ya 450, hayamhusu Mzee na 420 yake. Akigundua hilo baada ya kusoma barua yako, imekwisha. Kwa hiyo pitia daftari, pigia walioletwa na wenzako, andika pembeni kila mmoja alitajiwa ngapi. Asiyekumbuka au aliyetajiwa bei nyingine mtoe kwenye hesabu. Mimi hapa nitachukulia kwamba wote 17 walisikia 420.

Daftari lako ni zuri kuliko unavyodhani, ila limechanganya adabu na maoni. Sisi hatumwambii mtu nyumba yake ni ghali akiwa kasimama sebuleni kwake. Tunasema "nyumba nzuri, nitakupigia", halafu kimya. Naona umeandika maneno hayo kwa watu wanane, na kama ungeyapeleka hivyo kwa Mzee angesema sawa, wanane wameipenda, tuwasubiri. Maoni ya kweli hupatikana siku mbili tatu baadaye, kwa simu, mteja akiwa hana wa kumwonea haya. Usimuulize kama ameipenda. Muulize: "Ungekuwa wewe ndiye unayeipanga bei, ungeweka ngapi?" Na kama muda umepita, muulize swali zito zaidi: "Ulishanunua? Wapi, na kwa ngapi?"

Ulipowarudia kwa simu, picha ilibadilika. Kumi walisema bei. Watatu walisema njia, yale mavumbi ya mita mia sita kutoka kwenye lami, ambayo masika hugeuka utelezi. Wawili hawakuwa wanunuzi, walikuwa wanazunguka tu, na wawili hawakupatikana. Katika wale kumi, watatu wameshanunua kwingine: mmoja Madale kwa 305, mmoja Goba kwa 290, mmoja Mbezi Juu kwa 320. Hao watatu ndio moyo wa barua yako. Maoni mtu anaweza kuyabishia. Mtu aliyeiona nyumba ya Mzee kwa macho yake, akaondoka, akatoa milioni 305 taslimu mahali pengine, habishiwi. Huyo hela alikuwa nayo.

Kuna jambo jingine kwenye daftari ambalo hukulitaja: walivyokuja. Miezi miwili ya kwanza walikuja tisa, miwili iliyofuata watano, miwili ya mwisho watatu. Nyumba mpya sokoni huvuta wale waliokuwa tayari wanatafuta. Wakishaiona wakaiacha, unabaki kusubiri wanaoanza kutafuta leo, nao ni wachache kila mwezi. Mzee anaposema mwenye hela yake atakuja, mjibu kwa mstari huo: walikuja, na walikuja mapema.

Na mteja wako wa nane amesema kwa sentensi moja ambacho wathamini tungekiandikia kurasa mbili: "Kwa hela hiyo si nateremka Mbezi Beach?" Mwenye 420 haitazami nyumba ya Salasala iliyo ndani ya vumbi, anaitazama ya kule chini. Mwenye 300, ambaye hii ingemfaa kabisa, akisikia 420 hapigi hata simu, maana anajua hawezi kuomba apunguziwe milioni mia. Kwa hiyo bei hiyo inawaita wasioitaka nyumba na kuwafukuza wanaoitaka. Tena inawasaidia majirani kuuza, kwa sababu ukimpeleka mteja kwa Mzee kwanza, ya pili yenye 330 inaonekana ya bure.

Sasa nyumba tatu zilizouzika. Umefanya vizuri kuleta bei zilizolipwa badala ya zinazotangazwa. Bei ya tangazo ni ndoto ya mwenye nyumba mwingine, na Mzee anazo ndoto kama hizo kumi kwenye simu yake. Nikuonye tu kwamba bei iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauzo siyo lazima iwe iliyolipwa, maana wapo wanaoipunguza kwenye karatasi wakikimbia kodi. Ukiisikia bei kwa dalali aliyeuza, itafutie mtu wa pili: mnunuzi mwenyewe, muuzaji, au jirani aliyekuwa shahidi.

Ya kwanza ni ya vyumba vinne, kiwanja 850, mita mia mbili kutoka lami, haina kisima, iliuzwa 300. Ukiilinganisha na ya Mzee: yake iko mbali zaidi na lami, toa 15; ina kisima na matangi, ongeza 10; ina mita 50 zaidi, na kwa bei ya viwanja uliyoniandikia ya laki moja kwa mita, ongeza 5. Unarudi 300. Ya pili iko mtaa uleule, vyumba vitatu, kiwanja 1,000, bila kisima, iliuzwa 270. Toa 10 za kiwanja, ongeza 25 za chumba cha nne na choo chake, ongeza 10 za kisima, unapata 295. Ya tatu iko kwenye lami kabisa, vyumba vinne, kiwanja 700, mpya zaidi, kisima kipo. Mwenyewe alianza na 380, ikakaa miezi minane, ikauzwa 330. Toa 35 za lami, toa 10 za upya, ongeza 20 za kiwanja, unapata 305.

Hizo 15 na 35 za lami siyo namba takatifu. Nimezikadiria kutokana na tofauti uliyoniandikia kati ya kiwanja cha barabarani na cha ndani. Mthamini mwingine angeweka 12 au 40. Lakini zikisogea hivyo, jibu bado linabaki karibu na 300, na ofa yako kubwa ilikuwa 300. Ushahidi wa nyumba tatu ni mwembamba ukiwa peke yake. Ukipatana na ofa ya mtu aliyekuwa tayari kulipa, unasimama.

Usimwombe Mzee "apunguze kidogo". Kidogo kwake ni 400, na 400 haitamleta mtu yeyote ambaye 420 haikumleta. Utakuwa umetumia nafasi yako ya kumwomba, na wateja watakuwa wameanza kuona nyumba inashuka ngazi kwa ngazi, kwa hiyo watasubiri ishuke tena. Shuka mara moja, hadi mahali ambapo mwenye 300 ataona anaweza kupiga simu na kuomba apunguziwe. Hapo ni 320. Inamwachia Mzee milioni 20 za kubishania, na kwetu mnunuzi asiyepunguziwa chochote huondoka akihisi kaibiwa, hata bei ikiwa ya haki.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja, na hesabu za nyumba tatu ziwe karatasi ya pili. Usianze na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Huyu ni mzee wako, hujamwandikia idara. Majina na namba za simu za wateja usiziweke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mteja alikuambia wewe. Mimi ningeiandika hivi:

> Shikamoo Mzee,
>
> Nakuandikia kuhusu nyumba ya Salasala. Nimeona niweke kwenye karatasi ili wewe na Mama muisome kwa nafasi, na msipokubaliana na neno lolote mnionyeshe hapohapo lilipo.
>
> Tangu uliponikabidhi, watu 17 wamefika kuiona, na wote walitajiwa milioni 420. Miezi miwili ya kwanza walikuja tisa, miwili iliyofuata watano, miwili hii ya mwisho watatu. Nimewapigia wote tena. Hakuna aliyeilalamikia nyumba yenyewe: ujenzi, kisima na usafi wa hati vimesifiwa. Kumi walisema bei imewazidi. Watatu walisema njia ya vumbi. Wawili hawakuwa tayari kununua, na wawili sikuwapata.
>
> Katika hao kumi, watatu wameshanunua nyumba nyingine za vyumba vinne baada ya kuiona yako: Madale kwa milioni 305, Goba kwa milioni 290 na Mbezi Juu kwa milioni 320. Hawa walikuwa na fedha, wakazipeleka kwingine. Wengine wawili walikupa ofa, 280 na 300. Aliyetoa 300 amekubali kuongea na wewe mwenyewe kwa simu ukipenda, nisiwe katikati.
>
> Karatasi ya pili inaonyesha nyumba tatu za jirani na bei zilizolipwa, siyo zilizotangazwa. Mojawapo ni ya vyumba vinne iliyo kwenye lami. Mwenyewe aliitaka milioni 380, akakaa nayo miezi minane, akaiuza 330. Ukirekebisha tofauti za kiwanja, njia na kisima, zote tatu zinaiweka nyumba yako kati ya milioni 295 na 305.
>
> Najua umeijenga kwa gharama kubwa, na nondo na matofali uliyoweka hayaonekani kwenye nyumba nyingi za siku hizi. Mnunuzi kwa bahati mbaya hazioni risiti zako. Anaona nyumba nyingine anayoweza kupata kwa fedha ileile.
>
> Nyumba ikikaa tupu nayo ina gharama. Mlinzi ni laki mbili kwa mwezi. Milioni 300 zikiwekwa benki kwa asilimia 8 kwa mwaka zingekuletea milioni 2 kila mwezi kabla ya makato. Kwa miezi sita hii ni kama milioni 13.
>
> Ninachokuomba ni tuitangaze kwa milioni 320 kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, kwa siku 60, bei hiyo moja kwa madalali wote. Natarajia ofa za karibu na milioni 300. Ofa yoyote nitakuletea kwa maandishi, na kukubali au kukataa ni kwako. Siku 60 zikiisha bila ofa ya maana, nitakuletea daftari tena tuamue upya.
>
> Kama una shaka na hesabu zangu, nashauri tumlipe mthamini aliyesajiliwa aikague. Umchague wewe, siyo mimi.
>
> Mwanao katika kazi,

Kiwango cha asilimia 8 nimekiweka kama mfano. Kaulize kwenye benki anayotumia Mzee na uandike cha kwao, maana mstaafu anavijua viwango vya riba kuliko wewe.

Ile ruhusa ya kumpigia mtoa ofa ina kazi yake. Kuna mchezo wa kijiweni wa kumpeleka mteja wa bandia atoe ofa ya chini ili mwenye nyumba alainike, na wazee wa Dar wanaujua vizuri. Mzee anapokuambia unataka kamisheni ya haraka, ndicho anachokushuku. Huwezi kumjibu kwa kiapo. Mpe kitu cha kuhakiki: mtu wa kuongea naye, nyumba tatu za kwenda kuziona kwa gari lake, na mthamini wa kumchagua mwenyewe. Na ukitaka kulimaliza kabisa, mpigie hesabu ya kamisheni yako mdomoni, usiiandike. Kwa asilimia tano, nyumba ikiuzwa 420 unapata milioni 21, ikiuzwa 300 unapata 15. Bei ikishuka, unayepungukiwa ni na wewe.

Usiitume kwa WhatsApp. Ichapishe, uipeleke mwenyewe, Mama akiwepo. Hilo la Mama siyo heshima tu: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo kama waliishi pale, siku ya mauzo wakili atamtaka naye. Mara nyingi ndiye aliyechoka kulipa mlinzi. Waachie karatasi, kunywa chai, uondoke. Usidai jibu siku hiyo. Mzee anayebanwa mbele ya mkewe atasema hapana kulinda jina lake, na hapana hiyo itachukua mwezi mwingine kuiyeyusha.

Atakurudia na mambo mawili, nakuhakikishia. La kwanza ni lami: "Subiri lami ifike, utaona." Hapo usibishane, nenda ofisi ya TARURA ya manispaa uulize kama barabara ile ina mkandarasi aliyesaini. Kama yupo na mitambo inashuka, basi Mzee ana hoja, na mimi ningemshauri aipangishe nyumba asubiri. Zile 35 tulizotoa zitarudi sehemu kubwa. Kama ni ahadi ya mkutano wa hadhara tu, mwambie kwa upole kwamba wateja wako wote walisikia habari ya lami na hakuna aliyeilipia.

La pili halitasemwa wazi. Milioni 420 hazikutoka hewani. Ukikaa naye vizuri utakuta kuna jumla nyuma yake: nyumba ndogo anayotaka kujenga kijijini, deni la mtoto, shamba, na juu yake kodi na kamisheni kama alivyozisikia kwa watu. Hapo kwenye kodi huwa kuna kosa la hesabu. Wengi wanadhani asilimia 10 inakatwa kwenye bei nzima. Kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuza ukitoa alichotumia kununua kiwanja na kujenga. Kwa hiyo zile risiti ambazo mnunuzi hazioni, TRA watazitaka, na mwambie azitafute leo. Anayeishi na hofu ya kukatwa milioni 30 akigundua kodi yake ni ndogo sana kuliko hapo, 300 zinaanza kusogea karibu na alichokuwa anakihitaji mkononi. Mpeleke kwa wakili au mhasibu ampigie hesabu halisi. Wewe usimpe namba ya kodi kwa mdomo.

Akikataa hata baada ya hapo, na mthamini naye hamtaki, iandike hiyo nyumba kwenye daftari la pembeni na uache kupeleka watu. Kila mteja unayempandisha Salasala bure anapunguza imani yake kwako, na kesho ukimwambia kuna nyumba nzuri hatapokea simu.

Akikubali, tangazo jipya lisitoke siku hiyo. Kwanza wapigie madalali wote wenye picha zake wafute za zamani, maana tangazo la 420 likibaki kando ya la 320, mteja ataanza kuomba kutoka chini ya 320 akijua mwenye nyumba ameyumba. Halafu mpigie yule wa 300 kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha wale watano waliosema bei na bado hawajanunua, na yule wa 280 mwishoni. Wape wiki moja kabla ya Instagram. Wameshaiona nyumba, hawahitaji kupandishwa tena kilima, wanachohitaji kusikia ni namba tu.